Ruta ya kununua kwa nyumba yenye faiba na kuta za mawe

Faiba imeshafungwa, simu ni mpya, na video bado inasuasua. Kabla ya kushuka Darajani kununua ruta, pima kasi mara tatu: kwa waya kutoka kwenye kisanduku cha faiba, kwa waya kutoka kwenye ruta, kisha kwa waifai ukiwa karibu na ruta.

Tuseme nyumba ya wageni ya Mji Mkongwe inalipia megabiti 200 kwa sekunde. Kisanduku kinatoa 190, waya wa ruta unatoa 94, waifai inatoa 38. Hiyo 94 inakwambia kuwa matundu ya waya ya ruta ni ya 10/100, ambayo hayawezi kupitisha zaidi ya hapo. Na 38 ni hali ya kawaida kwa ruta ya waifai ya zamani, 802.11n, yenye masafa ya gigahezi 2.4 peke yake, ambayo majirani wote wanayagombania.

Chaguo langu la kwanza ni ruta ya waifai 6 ya daraja la AX1500, yenye matundu yaliyoandikwa 10/100/1000. Usihadaike na hiyo 1500: ni jumla ya masafa mawili, 300 na 1201, na simu moja hutumia masafa mamoja kwa wakati mmoja.

La pili ni ruta ya waifai 5 ya daraja la AC1200, yenye matundu hayohayo. Kwa kifurushi cha megabiti 50 inatosha kabisa. Lakini geuza boksi usome, maana AC1200 nyingi za bei rahisi bado zina matundu ya 10/100. Ukizichukua kwa kifurushi cha 200, umelipa pesa ukabaki palepale kwenye 94.

Kuna jambo ambalo ruta mpya peke yake haiondoi. Gigahezi 5, ndiyo yenye kasi, hufifia haraka ikikutana na ukuta mnene wa mawe na chokaa. Ukumbini utapata 180, chumba cha tatu simu itarudi kwenye 2.4. Hapo vuta waya hadi chumba hicho ufunge kituo cha pili cha waifai. Kifaa cha kurudia mawimbi nakiweka mwisho kabisa, kwa sababu kikipokea na kutuma kwa masafa yaleyale, kasi hupungua karibu nusu.

Ikiwa simu zote zinakwenda vizuri na ni laptopu tu inayokwama, usiiguse ruta. Kwenye Windows andika:

```
netsh wlan show drivers
```

Tazama mstari wa `Radio types supported`. Ukiona 802.11b, 802.11g na 802.11n tu, bila 802.11a wala 802.11ac, kadi hiyo haijui gigahezi 5. Nunua kadi ndogo ya kuchomeka ya USB 3.0 yenye masafa mawili. Ni nafuu kuliko ruta.