Taa ya upepo imewaka baada ya kubadilisha matairi au rimu: ununue nini

Taa ya manjano yenye umbo la tairi na alama ya mshangao katikati ni moja, lakini nyuma yake kuna mifumo miwili tofauti kabisa, na hela utakayotoa inategemea gari lako lina upi. Hapa Mbeya nimeona mtu akiuziwa sensa nne asizozihitaji. Nimeona pia mwingine akibonyeza kitufe wiki nzima kwenye gari ambalo kitufe hakiwezi kulisaidia. Basi tuanze kwa kuutambua mfumo, ndipo tupange chaguo.

Mfumo wa kwanza hauweki kitu chochote ndani ya tairi. Unatumia sensa za breki za ABS, zilezile zinazohesabu mzunguko wa kila gurudumu. Tairi likipungua upepo linakaa chini kidogo, kwa hiyo linalazimika kuzunguka haraka kuliko mengine, na kompyuta inaiona tofauti hiyo. Mfumo wa pili una sensa yenye betri ndani ya kila rimu, imeshikana na valvu. Inapima upepo wenyewe na kuutuma kwa redio pamoja na namba yake ya utambulisho. Dashibodi ikikuonyesha psi za kila tairi, una huu wa pili. Valvu ya chuma yenye nati shinani ni dalili nyingine, ingawa zipo sensa zenye valvu ya mpira pia. Kitufe cha kuweka upya peke yake hakithibitishi chochote, kwa sababu nitakayoieleza.

Namba moja: geji nzuri, kama gari linatumia ABS

Ukiwa na mfumo huu usinunue sensa. Nunua geji ya upepo inayoaminika, basi. Nauweka juu kwa barabara zetu kwa sababu fundi wa tairi hana cha kuvunja, na ukifunga rimu nyingine za saizi ileile hakuna namba ya kusajili.

Ila ukihamisha matairi ya mbele kwenda nyuma, lazima uuweke upya. Chukua Mazda CX-5 yangu, yenye kitufe cha SET. Matairi ya mbele yalikuwa yamelika milimita 3 zaidi ya yale ya nyuma. Gurudumu lina kama sentimita 35 kutoka katikati hadi ukingoni, hivyo milimita 3 ni karibu asilimia 1. Upepo ukipungua robo nzima, tofauti ya mzunguko mara nyingi haifiki hata hapo. Kwa kompyuta, tairi lililolika na tairi lenye upepo mdogo vinafanana, na inaweza kukupigia kelele bure.

Utaratibu ni huu. Asubuhi, matairi yakiwa ya baridi, jaza upepo kama kibandiko cha mlango wa dereva kinavyosema. Baada ya hapo, gari likiwa limesimama na swichi imewashwa, shikilia SET mpaka taa imulike mara mbili na mlio usikike mara moja. Halafu endesha. Kujifunza kunachukua muda, pengine nusu saa au zaidi, na kunakwenda vizuri kwenye lami iliyonyooka. Kutoka Uyole kuelekea Igawa ni bora kuliko kona za kwenda Chunya, ambako magurudumu ya nje na ya ndani hayazunguki sawa. Kwenye tope, matairi yakiteleza, kipimo kinapotea.

Kosa nililofanya mimi ni kubonyeza kabla ya kupima. Tairi la mbele kushoto lilikuwa na psi 27 badala ya 34. Mfumo ukaikubali 27 kuwa ndiyo hali ya kawaida, ukanyamaza. Kwa mfumo unaoonya upepo ukipungua robo, hilo lingeshuka mpaka karibu psi 20 ndipo taa iwake. Niligundua wiki tatu baadaye kwa geji, mabega ya tairi yakiwa yameshaanza kuliwa. Na jambo jingine: matairi yote manne yakipungua pamoja, taratibu, mifumo mingi ya aina hii haioni kitu. Ndiyo maana geji haina mbadala.

Namba mbili: sensa inayokopiwa namba ya zamani

Hapa tunaongea na wenye sensa ndani ya rimu. Kama sensa zako hazijazeeka na valvu zake zinaingia kwenye rimu mpya, zihamishe. Hakuna cha kusajili. Lakini betri haibadilishwi na hudumu takriban miaka 5 hadi 10, na gari tunalopokea kutoka Japani au Uingereza mara nyingi limeshaikaribia.

Sensa za kuprogramu zinaweza kupewa namba ileile ya sensa ya zamani. Gari halijui kwamba chochote kimebadilika, na hakuna usajili. Sharti lake ni kwamba fundi asome namba za zamani kabla hajang'oa tairi. Betri ikiwa imekufa, kifaa chake hakipati jibu, na hapo inabidi namba isomwe kutoka kwenye kompyuta ya gari.

Uliza pia masafa. Magari yaliyouzwa Japani mara nyingi ni megahezi 315, yaliyouzwa Ulaya ni 433. Sensa ya 433 kwenye gari la 315 haitasikika milele, hata ikiprogramiwa vizuri.

Namba tatu: sensa mpya zenye namba mpya

Ni nzuri sawa na hizo, ila zinakufunga kwa fundi mwenye mashine. Shemeji yangu wa Iringa alifunga rimu mpya zenye sensa mpya kwenye Land Cruiser. Taa ikawa inamulika kama dakika moja kila akiwasha gari, kisha inabaki imewaka. Kumulika huko hakusemi upepo umepungua. Kunasema mfumo una hitilafu, kwa mfano haupokei sensa zake. Taa inayowaka moja kwa moja bila kumulika ndiyo ya upepo. Alibonyeza kitufe cha kuweka upya mara kadhaa bila mafanikio, kwa sababu kwenye Toyota nyingi kitufe hicho kinaweka kiwango cha upepo tu. Namba za sensa zinaandikwa kwa mashine kupitia soketi ya OBD, ile ya kupimia kompyuta ya gari. Ilipofanyika hivyo, taa ilizimika. Magari mengine hujifunza yenyewe yakiendeshwa, kwa hiyo soma kitabu cha gari, na mkubaliane bei ikiwa na usajili ndani.

Kwa sensa zote za ndani, mwambie fundi mapema zipo. Mashine ya kung'oa tairi ikikandamiza karibu na valvu, inaivunja. Na kwenye valvu ya alumini tumia vifuniko vya plastiki. Vya chuma hugandana na kutu, ukilazimisha valvu inakatika.

Namba nne: vifuniko vya nje vyenye skrini yao

Hivi vinafungwa badala ya vifuniko vya valvu. Vinafaa gari lisilo na mfumo wowote, na vinaonyesha psi halisi. Kila kimoja kimeandikwa nafasi yake, hivyo ukihamisha matairi, vifungue na kuvirudisha mahali pake, la sivyo skrini itakutuma tairi lisilo lenyewe. Haviizimi taa ya gari, vinaibika kirahisi, na uzito wake huchosha valvu ya mpira kwenye barabara ya mawe. Badilisha valvu hizo kwanza, ndipo uvifunge.