Satini ya gramu 150 kwa kitabu cha picha: uzoefu wangu baada ya kupima karatasi tatu

Kitabu chetu kina kurasa 160, kipimo chake ni sentimita 21 kwa 28, na tulichapa nakala 500 kwa ofseti. Picha zote ni za mafundi wakiwa kazini: maseremala, wafua chuma, mafundi cherehani. Nusu ya picha hizo zina giza zito, maana karakana nyingi hupata mwanga wa mlango mmoja tu. Kurasa nyingine zina picha ndogo katikati na weupe mpana kuizunguka. Nayataja haya mwanzoni kwa sababu mchanganyiko huo wa giza na weupe ndio ulioamua karatasi, kuliko hata bei.

Kiwanda cha uchapaji kilipendekeza glosi, yaani karatasi inayong'aa sana, ya gramu 115. Wakanipa sampuli ya rangi, nikaipenda sana: nyeusi ilikuwa nyeusi kweli, na cheche za moto zilionekana moja moja. Nilikuwa karibu kuweka sahihi. Kilichonizuia ni mzee mmoja wa upande wa mashine, aliyeigeuza ile sampuli na kunionyesha mgongo wake. "Dada, huku nyuma hakuna kitu," akasema. "Na hii si gramu 115, ni karatasi yetu ya kujaribia rangi. Omba wakuchapie pande mbili, juu ya karatasi yenyewe."

Nikaomba. Wakachapa kwa mashine ya dijitali karatasi moja ya glosi ya gramu 115, mbele ukurasa wa 47, nyuma ukurasa wa 48. Ukurasa wa 47 una mfua chuma kwenye giza, picha imejaza ukurasa hadi ukingoni. Ukurasa wa 48 una mikono ya fundi cherehani, picha ndogo yenye weupe pande zote. Nilipoiweka mezani, ule weupe ulikuwa umegeuka kijivu hafifu, na upande mmoja, juu kidogo ya mikono, kulikuwa na doa jeupe lenye umbo la jani. Ilinichukua muda kutambua kwamba lile doa ni moto wa mfua chuma unaochungulia kutoka nyuma. Msomaji asiyejua angedhani karatasi imechafuka.

Chanzo chake si wino kupenya. Wino ulikuwa umekaa juu upande wake, haukufika nyuma hata kidogo. Kinachotokea ni mwanga kupita ndani ya karatasi, kugonga wino mweusi upande wa pili na kumezwa hapo badala ya kurudi machoni. Karatasi huzuia mwanga kwa nyuzi zake, kwa unga mweupe uliochanganywa ndani au kupakwa juu, na kwa hewa iliyobaki katikati ya nyuzi. Glosi hukamuliwa sana kwenye roli ili ing'ae, hewa hiyo ikatoka na karatasi ikawa nyembamba. Ndiyo maana karatasi mbili zenye gramu sawa zinaweza kutofautiana katika kuficha kilicho nyuma. Gramu ni uzito wa mita moja ya mraba, hazikuambii unene. Katika sampuli nilizopewa, glosi ya gramu 150 ilikuwa na unene wa karibu milimita 0.12, satini ya gramu zilezile karibu 0.135, na karatasi isiyopakwa ya gramu 140, ingawa ni nyepesi kuliko hizo mbili, ilifika karibu 0.175.

Basi nikaomba jozi ileile ya kurasa ichapwe kwenye satini ya gramu 150 na kwenye isiyopakwa ya gramu 140. Namna ya kupima ni hii, na haihitaji chombo. Laza karatasi mezani juu ya karatasi nyeupe, kama inavyolala ndani ya kitabu, utazame sehemu nyeupe kwa mwanga wa kawaida wa kusomea. Kisha weka karatasi nyeusi chini yake, nusu tu, uone kama mpaka wa nyeusi na nyeupe unajitokeza juu. Usiinue karatasi na kuielekeza dirishani. Ukifanya hivyo hata karatasi nzuri itaonyesha kila kitu, nawe utaishia kununua uzito usiouhitaji.

Satini ya gramu 150 ilifaulu karibu kabisa. Doa la moto lilikuwepo kwa anayelitafuta, na aliyefungua ukurasa tu hakuliona. Isiyopakwa nayo ilificha vizuri, na kwa kuishika niliipenda kuliko zote, ina joto fulani mkononi. Lakini picha zangu ziliumia humo. Karatasi isiyopakwa hunywa wino na nukta za rangi hutanuka, hivyo nyeusi ikawa rangi ya mkaa na sehemu za kivuli zikafungana. Uso wa mfua chuma ulikuwa na mikunjo upande wa gizani, na yote ikapotea. Picha zinaweza kuandaliwa upya kwa wasifu wa rangi wa karatasi ya aina hiyo na vivuli vikafunguliwa kidogo, na kwa kitabu chenye picha za mwanga wa mchana ningefanya hivyo bila wasiwasi. Kwa giza la karakana, hapana.

Kuhusu mng'ao wenyewe, nilikaa na sampuli hizo chini ya taa jioni tatu. Glosi hurudisha taa machoni, na kwenye picha nyeusi ni vibaya zaidi, unaiona taa badala ya fundi. Satini inang'aa kidogo tu ukiinamisha ukurasa. Ina kasoro moja ninayotaka ijulikane: wino hukauka juu yake taratibu, na kurasa nyeusi huweza kuchafua kurasa nyeupe zinazotazamana nazo zikisuguana. Tulilipia vanishi nyepesi ya mashine juu ya kurasa zote, nyongeza ndogo kwenye bei, na sijutii. Mati kamili, karatasi isiyong'aa hata kidogo, sikuipima pande mbili. Niliishika tu, nikaona alama za vidole zinavyobaki kwenye nyeusi, nikaiacha.

Sasa gharama. Karatasi huuzwa kwa uzito, kwa hiyo hesabu unaweza kuifanya mwenyewe kabla kiwanda hakijakutumia bei. Kurasa 160 ni karatasi 80. Kila moja ina mita za mraba 0.0588, zote pamoja karibu 4.7. Zidisha kwa gramu: kwa 115 nakala moja ina gramu 541 za karatasi ya ndani, kwa 150 ni gramu 706, kwa 170 ni gramu 800. Kwa nakala 500 ni kilo 270, kilo 353 na kilo 400, bila jalada, na bila karatasi inayokatwa pembeni na ile inayoharibika mashine inapowekwa sawa.

Kutoka 115 hadi 150, karatasi inaongezeka kwa asilimia 30. Hiyo namba ilinitisha mpaka nilipoomba mchanganuo. Katika bei yangu karatasi ilikuwa kama theluthi moja ya jumla. Sahani za kuchapia, kuandaa mashine na kushona havibadiliki eti kwa sababu karatasi ni nzito. Kwa hiyo bei nzima ilipanda kwa takriban asilimia 10, na hiyo nililipa. Kupanda tena hadi 170 kungeongeza kama asilimia 4 au 5, pamoja na kilo 47 za kusafirisha, na kwa macho yangu tofauti ya kuficha ilikuwa ndogo mno. Isitoshe kurasa zingekuwa ngumu kulala wazi. Ukichapa nakala chache kwa dijitali uwiano huu haufanani, kwa hiyo usichukue asilimia zangu, omba mchanganuo wako.

Pesa iliyofanya kazi kubwa zaidi, hata hivyo, ni ile ambayo sikuitoa. Programu ya kupanga kurasa inakuonyesha 46 na 47 pamoja, kwa sababu zinatazamana. Haikuonyeshi 47 na 48 pamoja, na hizo ndizo zilizo kwenye karatasi moja. Nilichapa kitabu kizima nyumbani kwa udogo, pande mbili, nikapitia karatasi moja moja nikiuliza: nyuma ya weupe huu kuna nini? Nikapata karatasi 14 zenye giza hadi ukingoni upande mmoja na weupe mpana upande wa pili. Tisa nilizimaliza kwa kuhamisha picha, giza likakaa nyuma ya giza. Nne nilibadilisha ukubwa wa picha ili za mbele na nyuma zianze na kuishia mahali pamoja, kwa sababu kivuli cha picha kikiangukia ndani ya picha nyingine hakionekani. Yule fundi cherehani wa ukurasa wa 48 sasa ana nyuma yake picha ya ukubwa wake, ya mkasi na vitambaa vyeupe.

Kiwanda nakipa alama nzuri kwa uchapaji na kwa kushona. Nilipouliza kuhusu mwelekeo wa nyuzi walijibu mara moja kwamba zitakwenda sambamba na mgongo wa kitabu, na kweli kurasa zinafunguka kwa ulaini. Jambo ninalowalaumu ni ile sampuli ya kwanza. Mteja anayeonyeshwa rangi juu ya karatasi nzito ya majaribio, upande mmoja, hawezi kujua alichoagiza. Wangepaswa kumwambia bila kuulizwa. Walichonifurahisha baadaye ni kitabu kitupu cha mfano, kurasa 160 za satini yenyewe zikiwa zimeshonwa bila wino. Nilikipima mgongo, milimita 11 kasoro kidogo, tukarekebisha jalada lililokuwa limepangwa kwa glosi.

Karatasi ya 14 niliiacha, ya kurasa 111 na 112, kwa kuwa mpangilio wa hadithi haukuniruhusu kuigusa. Nakala zilipofika niliifungua hiyo kwanza. Kwenye weupe wa ukurasa wa 112, karibu na mgongo, pana mstari hafifu ulio wima: ni fremu ya mlango wa karakana ya seremala iliyo nyuma.