Uzoefu wangu na programu ya invoisi: inachapa vizuri, inaficha vibaya

Nashona mapazia na vifuniko vya makochi hapa Ngara, na tangu Februari natoa invoisi kwa programu ninayolipia kila mwezi. Jina silitaji, bado tunaandikiana nao. Upande wa eTIMS, ule mfumo wa invoisi wa mamlaka ya kodi, KRA, sina lalamiko: mauzo yanafika KRA na hesabu ya kodi iko sawa.

Shida ni kiolezo chake. Chochote ulichoweka kwenye kadi ya mteja kinamwagika kwenye invoisi: simu, nambari ya kitambulisho, hata yale maelezo ya pembeni. Mteja mmoja wa South B alipata invoisi ya shilingi 18,560 yenye maneno "hurudi baada ya saa kumi na mbili, funguo iko kwa mlinzi". Nilikuwa nimejiandikia mwenyewe! Karatasi ilipita kwa mtu wa boda, ikapita kwa mlinzi huyohuyo, ndipo ikamfikia. Aliniuliza tu, "Dada, na mlinzi ameisoma?"

Nikaanza kupunguza. KRA wanataka jina langu na PIN yangu ya kodi, tarehe na saa, nambari ya invoisi, bidhaa, bei na kodi. PIN ya mnunuzi huingia akitaka kudai kodi aliyolipa au kuonyesha gharama, na hapo iandikwe nzima, herufi na tarakimu zote 11, ukiificha umemharibia. Nambari ya kitambulisho haina kazi kwenye invoisi yangu, nimeifuta hata kwenye kadi. Simu anayeihitaji ni mtu wa boda, basi nimeihamishia kwenye karatasi ya kupelekea mzigo, ambayo nayo haina bei.

Kwa wateja wanaotaka simu ibaki kwenye invoisi, niliwasha kitufe cha kuficha. Kikatokea kipande cheusi, nikatulia. Karani wangu ndiye aliyegundua: alinakili ule mstari kutoka kwenye PDF, akaubandika kwenye WhatsApp, nambari ikatoka yote. Ule weusi ulikuwa umechorwa tu juu ya maandishi. Nawe ijaribu yako hivyohivyo kabla hujaituma kwa mtu.

Baada ya wiki tatu za kusumbuana, walileta toleo linaloweka nyota mahali pa tarakimu kabla PDF haijatengenezwa. Ukinakili, unapata nyota. Lakini linaacha wazi tarakimu nne za mwanzo na tatu za mwisho, kwa hiyo zilizofichwa ni tatu peke yake: nambari 1,000 tu za kubahatisha, na jina la mteja liko juu ya karatasi ileile. Nimewaomba waache wazi tatu za mwisho tu, basi.

Nawapa nyota tatu kwa tano. Jibu lao ni kwamba zile nne za mwanzo zinamsaidia karani kumtambua mteja. Karani wangu humtambua mteja kwa nambari ya invoisi.