Mfumo wa ERP wa mikataba ya pango: anza na kodi ya dola

Mwishoni mwa 2022 niliichagulia moduli ya pango kampuni ya Nairobi niliyokuwa nikiitunzia hesabu. Muuzaji alituonyesha mfumo mara mbili, kila kitu kikaenda sawa, tukatia saini. Hesabu za 2023 zilipomfikia mkaguzi, aliuliza swali moja tu: shilingi imeporomoka mwaka mzima, ofisi yenu mnailipia kwa dola, mbona hasara ya ubadilishaji wa fedha haionekani? Sikuwa na jibu. Tulikesha juma zima tukirekebisha vitabu.

Tangu niliposimulia kisa hicho, wahasibu wenzangu wamekuwa wakiniuliza wanunue mfumo gani. Sitawachosha na mambo ambayo kila brosha inayo, kama vile ukumbusho wa mkataba kuisha au ripoti za rangi. Nitakaa kwenye kasoro moja ambayo karibu hakuna anayeiuliza dukani.

Chini ya IFRS 16, iliyoanza kutumika Januari 1, 2019, ukikodi ofisi au gari kwa zaidi ya mwaka mmoja, unaandika vitu viwili kwenye mizania. Cha kwanza ni mali, yaani haki yako ya kutumia jengo au gari hilo. Cha pili ni deni, yaani kodi ambazo bado hujalipa, zikiwa zimepunguzwa kwa riba hadi thamani ya leo. Mkataba ukiwa wa dola na vitabu vyako ni vya shilingi, vitu hivi viwili huachana njia siku ya kwanza. Deni ni la fedha, kwa hiyo IAS 21 inataka ulibadilishe kwa kiwango cha siku ya kufunga hesabu. Mali si fedha. Inabaki kwenye kiwango cha siku mkataba ulipoanza, hata dola ipande namna gani.

Mfumo wetu ulikuwa ukibadilisha vyote viwili.

Tazameni mfano huu, ambao nimerahisisha tarakimu zake. Ofisi ya Westlands, miaka mitano kuanzia Januari 1, 2023, kodi dola 24,000 kwa mwaka, inalipwa mwanzoni mwa kila mwaka. Riba ambayo benki ingekutoza ni asilimia 8. Kodi ya kwanza umeshailipa siku ya kwanza, kwa hiyo deni ni la malipo manne yaliyobaki:

```
=PV(8%,4,-24000)
```

Excel itakupa dola 79,491. Ongeza ile 24,000 uliyolipa, mali inakuwa dola 103,491. Kwa kiwango cha 123, hiyo ni shilingi 12,729,393, na tarakimu hiyo haitaguswa tena na dola. Uchakavu wa mwaka ni moja ya tano yake, kwa hiyo Desemba 31 mali inasoma shilingi 10,183,514.

Deni nalo limekua kwa riba ya dola 6,359 hadi dola 85,850. Kufikia siku hiyo dola ilikuwa imefika kama 156, kwa hiyo deni ni shilingi 13,392,600. Lilianza mwaka likiwa 9,777,393. Ukiondoa riba, kwa wastani wa mwaka wa 140, inabaki hasara ya ubadilishaji ya takribani shilingi milioni 2.72. Hiyo ndiyo hasara mkaguzi aliyokuwa akiitafuta.

Sasa mfumo mbovu unachukua pia dola 82,793 za mali iliyobaki na kuzizidisha kwa 156. Mali inavimba hadi 12,915,708, yaani faida hewa ya milioni 2.73. Hasara ya kweli na faida ya uongo zinafutana karibu kabisa. Mizania inalingana, faida inaonekana tulivu, wala hakuna taa nyekundu inayowaka. Kasoro hii inajificha kwa sababu inaufanya mwaka mbaya uonekane wa kawaida.

Kwa kipimo hicho, chaguo langu la kwanza ni Dynamics 365 Finance, na sifichi kwamba naipenda. Sehemu yake ya `Asset leasing` inakuuliza kwenye `Annuity type` kama kodi inalipwa mwanzoni au mwishoni mwa kipindi, jambo ambalo kwa majengo ya huku, ambako kodi hutangulia, hubadilisha deni lote. Muhimu zaidi, kwenye leja kila akaunti ina alama yake ya `Foreign currency revaluation`. Unaiwasha kwenye akaunti ya deni, unaizima kwenye akaunti ya mali, na mhasibu mwenyewe anaweza kuikagua bila kumwita fundi.

La pili ni SAP S/4HANA pamoja na RE-FX, moduli yake ya majengo na mikataba ya pango. Mkataba unauingiza kwa `RECN`, maingizo ya thamani unayapitisha kwa `RECEEP`, na deni unalibadilisha mwisho wa mwezi kwa `FAGL_FCV`. Mali inakaa kwenye daftari la mali za kudumu kwa thamani yake ya awali. Mwenye matawi mia ya benki au minara ya simu atafaidika nayo. Mwenye ofisi tatu na magari kumi atalipia uwezo asioutumia.

Za bei nafuu, kama ERPNext, nitazigusa tu. Ratiba ya pango utaitengeneza Excel na kupitisha maingizo kwa mkono. Ukiichagua, weka `Account Currency` ya akaunti ya mali iwe shilingi, maana ikiwa ya dola, `Exchange Rate Revaluation` itaibeba pamoja na deni na utarudi kwenye msiba wangu.

Magari hayana shida hii sana, mengi hukodiwa kwa shilingi. Gharama za matengenezo na dereva zitenganishe tu na kodi ya gari lenyewe kabla ya kuingiza mkataba.

Lakini wauzaji wananiumiza moyo. Unauliza Dynamics, unaletewa bei ya Business Central, ambayo ni bidhaa nyingine, na `Asset leasing` haimo ndani yake. Utaambiwa baadaye ununue nyongeza ya kampuni nyingine, kwa leseni nyingine. Bei zote ni za dola, siku za mshauri zinahesabiwa hata anapojifunza mfumo kwako, na mkataba wanaouonyesha siku ya maonyesho daima ni wa sarafu moja, kodi moja, bila mabadiliko. Msomaji wa Mombasa aliniandikia kwamba alipoomba waonyeshe mkataba wa dola, waliahidi kurudi juma lijalo. Hawakurudi, ila ankara ya malipo ya awali ilifika.

Kwa hiyo nendeni na mkataba wa Westlands hapo juu. Waambieni wauingize mbele yenu, wafunge mwaka kwa 156, kisha wafungue salio la akaunti ya mali. Likisoma 10,183,514, endeleeni na mazungumzo. Likisoma karibu milioni 12.9, muulizeni fundi kama anaweza kuzuia ubadilishaji kwenye akaunti hiyo peke yake, naye afanye hapo hapo. Tarakimu hizo ziandikwe kwenye mkataba wa ununuzi kama sharti la malipo ya mwisho, zikiwa na tarehe na sahihi ya muuzaji.