Kalenda ya simu au kipimo cha mkojo?

Tuchukue dada wa Likoni anayetafuta mtoto. Mizunguko yake mitatu ya mwisho ilikuwa ya siku 26, 34 na 30. Programu ya simu inayotegemea tarehe za hedhi pekee inachukua wastani, siku 30, inatoa 14, yaani siku zinazokadiriwa kati ya yai kutoka na hedhi inayofuata, kisha inamwambia yai litatoka siku ya 16. Mwilini mwake haijapima kitu. Mwezi huu mzunguko ukafika siku 35, maana yake yai huenda lilitoka karibu siku ya 21. Mbegu za mume huishi hadi siku tano hivi, na yai halizidi siku moja. Kwa hiyo siku alizoonyeshwa, 11 hadi 16, karibu zote zilipita bure.

Kipimo cha mkojo cha duka la dawa hunasa homoni ya LH, ambayo hupanda siku moja au moja na nusu kabla ya yai kutoka. Kwake ningechagua hiki, aanze kupima siku ya 9, maana mzunguko wake huweza kuwa mfupi. Ila mwenye vifuko vingi kwenye ovari, LH yake yaweza kuwa juu muda mrefu, na kipimo kikampotosha. Huyo amwone daktari wa wanawake.