TAHADHARI: yule wa kugeuza sweta la shingo ndefu kuwa topu ya shingo wazi, sampuli zake kazipindua

Wadau mnaouza nguo mtandaoni someni hii kabla hamjatuma hela. Kuna jamaa anapita kwenye magrupu anatangaza kubadilisha nguo kwenye picha kwa akili mnemba, yani unamtumia picha ya modo kavaa nguo moja anakurudishia modo yuleyule kavaa nguo yako nyingine bila kupiga picha upya. Huduma yenyewe ipo na wapo wanaoifanya vizuri tu, sibishi. Ila huyu anajinadi kwa jambo moja gumu kuliko yote, kwamba sweta lililofunika mpaka kidevuni anakugeuzia topu ya shingo wazi na ngozi ya shingo na mitulinga inatokea kama picha ilipigwa hivyohivyo, na anatumia picha moja tu. Sampuli zake ni nzuri mno aisee. Ni nzuri kwa sababu ile anayoiita "baada" ndio picha halisi, na ile anayoiita "kabla" ndio ya kutengeneza.

Fikirieni kidogo mtaona ujanja ulipo. Kumvalisha mtu sweta juu ya shingo iliyo wazi ni kazi nyepesi, mashine inachora sufu juu ya ngozi na hakuna anayejua hilo sweta lilitakiwa liweje. Kufunua ndio kazi, maana kilichokuwa chini ya kola hakimo kabisa kwenye faili, hakijafichwa useme kitafutwe, hakipo, mashine inabidi ibuni shingo nzima kutokana na uso na mikono inayoonekana. Sasa yeye kachukua picha za dada aliyevaa shingo wazi, kamchorea sweta, halafu kabadilisha maandishi juu ya picha.

Kilichomuumbua ni kidoti. Kwenye sampuli ya sweta la kijivu, dada wa "baada" ana kidoti cheusi juu kidogo ya mtulinga wa kushoto. Ukishuka kwenye sampuli nyingine, dada yuleyule, pozi tofauti, sweta tofauti, kidoti kipo palepale. Sasa kama shingo ilikuwa imefunikwa na picha ni moja tu mashine imekijuaje, tena mara mbili? Mashine ikibuni ngozi kila ukirudia inakuletea nyingine, mtulinga unapanda, unashuka, unakuwa mkali, unafifia. Kidoti kisichohama ni cha mtu mwenyewe. Baada ya hapo nikaanza kuangalia zile "kabla" kwa kuvuta karibu: rasta za yule dada zinaishia kwenye ukingo wa sweta kama zimekatwa na mkasi, wakati kola nzito ya kweli ingezisukuma nje zipinde, na kidevu hakina kivuli chochote juu ya kola.

Kazi niliyompa mimi ilikuwa hivi, modo mweusi wa kung'aa, sweta jekundu zito la kola ya kukunja, kichwa kageuzia kushoto kwake, mwanga unatoka dirishani upande wake wa kulia. Modo alikuwa ameridhia. Nusu ya hela nikatanguliza.

Kilichorudi, cha kwanza kinachokugonga macho ni shingo nene kama mchi, imeshuka wima kutoka chini ya masikio mpaka mabegani. Hii ina sababu yake na inafaa muijue. Kabla ya kubuni, mtu anaweka maski, yani eneo analoiambia mashine ifute na ichore upya. Jamaa kaichora maski ikifuata ukingo wa kola ileile, mashine nayo ikachukulia umbo la maski ndilo umbo la shingo, ikajaza ngozi mpaka pembeni. Lakini kola ya kukunja ni nene kuliko shingo iliyomo ndani yake, kwahiyo ukiitoa ukweli ni kwamba shingo inasinyaa na ukuta wa nyuma unatakiwa uonekane pande zote mbili. Maski ilitakiwa iwe pana, ipite kola, ishuke mpaka mabegani, ili mashine ichore shingo na huo ukuta kwa pamoja. Ukibana maski unapata kola iliyopakwa rangi ya ngozi, basi.

Cha pili, chini ya taya palibaki wekundu. Nilidhani ni vipodozi, hapana, ni mwanga uliodunda kwenye lile sweta jekundu ukapiga ngozi ya taya. Sweta limeondoka, rangi yake imebaki usoni, juu ya topu nyeupe! Hilo linatakiwa lisahihishwe kwa mkono au maski ipande iguse chini ya taya, na hapo ndio kuna hatari ya kuharibu sura, kwahiyo ni kazi ya mtu makini.

Halafu mkao. Mtu akigeuza kichwa kushoto, msuli wa upande wa kulia unaotoka nyuma ya sikio unasimama, unashuka kimshazari mpaka kwenye kile kishimo cha chini ya koo ambapo mitulinga inakaribiana. Jigeuze kwenye kioo utauona. Picha niliyorudishiwa ina shingo ya mtu anayetazama mbele, mitulinga miwili inalingana kama imepimwa kwa rula, ina kivuli sawa pande zote wakati mwanga ulitoka upande mmoja, na kivuli cha kidevu hakuna. Kichwa cha mtu mmoja juu ya kifua cha mwingine. Ngozi yenyewe laini kama plastiki na imepauka kidogo, uso una vinyweleo na punje za kamera, zile chembechembe unazoziona ukivuta picha karibu, kifua hakina kitu. Modeli nyingi za akili mnemba za kuchora picha, za ukoo wa Stable Diffusion, zinabana picha mara 8 kwa kila upande kabla ya kuifanyia kazi, vitu vidogo kama vinyweleo vinapotelea hapo, kwahiyo anayejua kazi anarudishia punje baadaye ili shingo ifanane na uso. Huyu hakugusa.

Nilipomwandikia akajibu picha yangu ina ubora mdogo, nikamwambia ni ileile uliyoisifia kabla ya malipo, akanibloki.

Kama bado mnataka huduma ya namna hii, pimeni kwa picha ambayo jibu mnalo. Msimamisheni mtu sehemu moja, kamera isihame, apigwe na sweta, abadilishe avae shingo wazi apigwe tena akiwa amegeuza kichwa vilevile. Mtumieni fundi ile ya sweta peke yake, akirudisha linganisheni unene wa shingo, msuli, na kivuli cha taya. Na sikilizeni anauliza nini. Fundi wa kweli atakuomba picha nyingine ya modo huyohuyo shingo ikiwa wazi, hata ya simu, na atakwambia mapema kwamba bila hiyo kidoti, kovu au tatuu vya chini ya kola havitatokea, atakachokupa ni shingo inayokubalika, sio ya modo wako. Anayesema picha moja inatosha kwa kila kitu muogopeni.

Huyu wa kwangu sasa hivi kabadilisha jina na picha ya wasifu ila sampuli ni zilezile, kazigeuza tu kulia kushoto zionekane mpya, kwahiyo kidoti mkitafute mtulinga wa kulia. Bado anadai nusu ya hela kabla hajaonyesha chochote.