Kipimo cha TB kwa viza ya Uingereza hapa Dar: yaliyonikuta

Ukiwa unaishi Tanzania na unakwenda Uingereza kwa zaidi ya miezi 6, cheti cha TB ni lazima, na si kila hospitali inaweza kukitoa. Wakala aliyekuwa akinisaidia maombi ya chuo aliniambia nipige eksirei popote, mradi niwe na ripoti ya daktari. Nikafungua orodha ya gov.uk mwenyewe: kwa Dar es Salaam ni kliniki ya IOM, shirika la kimataifa la uhamiaji. Nikaweka miadi, nikaenda na pasipoti.

Watu wengi hapo ni maswali machache, picha ya kifua, basi. Mimi niliwahi kuugua TB nikiwa sekondari na nikamaliza dozi, kwa hiyo picha ilikuwa na kovu. Eksirei peke yake haiwezi kusema kama kovu limelala au ugonjwa umeamka. Nilikuwa nimebeba kadi ya matibabu na picha yangu ya zamani, na daktari alizilinganisha kwa makini, lakini hazikuniondolea kutoa makohozi asubuhi 3 mfululizo.

Hapo ndipo penye kazi. Siku ya kwanza muuguzi aliinua kikopo kwenye mwanga, akanirudishia. "Haya mate, mdogo wangu. Vuta pumzi ndefu, kohoa kutoka kifuani." Alikuwa na haki, mate hayana wanachokitafuta.

Nilimuuliza daktari kwa nini wasimalize na GeneXpert, ambayo hutoa jibu kwa saa 2 hivi. Akasema kwa aliyewahi kutibiwa, mashine hiyo inaweza kunasa mabaki ya vimelea vilivyokwisha kufa. Vilivyo hai hujulikana kwa kuoteshwa maabara, na kimelea cha TB hukua polepole mno, kwa hiyo majibu yanaweza kuchukua hadi wiki 8.

Sasa piga hesabu. Chuo kinafungua Septemba. Mwenye kovu kama langu akienda kupima mwanzoni mwa Agosti, majibu yanaweza kumkuta darasa limeshaanza, na viza bado hajaomba. Mimi nilikwenda Mei. Kuwahi mno nako kuna shida, maana cheti hudumu miezi 6 na lazima kiwe hai siku unapoomba viza.

Majibu yalitoka safi. Nawapa nyota 4: maelezo mazuri, ila hilo la wiki 8 ningependa mtu aambiwe mapema, wakati wa kuweka miadi.

Kuhusu chanjo, viza haikunidai hata moja. Chuo ndicho kilichouliza MMR, yaani surua, matumbwitumbwi na rubela. Kadi yangu ya kliniki ina surua tu, kwa sababu rubela iliingia kwenye ratiba ya watoto Tanzania mwaka 2014 na matumbwitumbwi haikuwemo. Na lile kovu la BCG, chanjo ya TB ya utotoni, begani halimsamehei mtu eksirei.